Miaka 39, Miezi 5 na Siku Ngapi?

Mwalimu wa shule ya msingi anapostaafu, wenzake humwandalia risala, na katika risala hiyo hakikosekani kifungu kinachotaja utumishi wake kwa miaka, miezi na siku. Mwezi Machi 2024 tulihudhuria sherehe ya kumuaga mwenzetu aliyeripoti kazini Jumatatu, tarehe 24 Septemba 1984, akafundisha hadi Ijumaa, tarehe 15 Machi 2024, siku aliyotimiza umri wa miaka 60. Msoma risala alitamka kwamba mwenzetu ametumika miaka 39, miezi 5 na siku 21. Makofi yakapigwa. Lakini mezani petu walimu wawili walikuwa wamekwisha kupiga hesabu hiyo nyuma ya kadi zao za mwaliko. Mmoja alipata siku 20, mwingine siku 22. Mstaafu aliposikia mabishano yetu alicheka, akauliza, "Basi ndugu zangu, nani kati yenu ananidhulumu?"

Swali hilo lilikuwa la mzaha, lakini sisi tuliokuwa mezani tumefundisha hesabu kwa miaka mingi, na hatukuweza kumjibu papo hapo. Kwa maoni yetu, sababu iko katika namna tunavyoifundisha mada hii darasani. Tunamzoeza mtoto kupanga safu tatu na kutoa, kabla hajajua anachokihesabu.

Hebu tuitazame hesabu ya risala. Mwandishi wake aliipanga hivi:

Mwaka 2024, mwezi 3, siku 15
toa mwaka 1984, mwezi 9, siku 24

Siku 24 hazitoki katika 15. Akakopa mwezi mmoja, akauhesabu kuwa siku 30, akapata 45 toa 24, yaani siku 21. Katika safu ya miezi ilibaki 2, nayo haitoshi kutoa 9, kwa hiyo akakopa mwaka mmoja wenye miezi 12: 14 toa 9 ni miezi 5. Kisha 2023 toa 1984 ni miaka 39. Hivyo ndivyo vitabu vingi vya kiada vilivyotufundisha.

Sasa tuhesabu kwa kwenda mbele, kama mtu anayefungua kurasa za kalenda. Kutoka 24 Septemba 1984 hadi 24 Septemba 2023 ni miaka 39. Kutoka hapo hadi 24 Februari 2024 ni miezi 5. Kutoka 24 Februari hadi 15 Machi tunapita sehemu ya Februari, na kwa kuwa 2024 ulikuwa mwaka mrefu, Februari ilikuwa na siku 29. Zimebaki siku 5 za Februari, na siku 15 za Machi, jumla siku 20. Mwenzetu wa kwanza alikuwa amehesabu hivyo. Yule aliyepata 22 alikopa siku 31 za Machi, akasahau kwamba vipande vya siku alivyokuwa akivitafuta vinaanzia Februari.

Je, siku 20 ndilo jibu? Hapa pana jambo ambalo safu haziwezi kutuambia. Mtu akiripoti kazini Jumatatu na kuondoka baada ya kazi ya Ijumaa ya juma hilo hilo, amefanya kazi siku 5. Lakini ukitoa tarehe ya Jumatatu katika tarehe ya Ijumaa unapata 4. Kutoa hutupa umbali kati ya tarehe mbili. Utumishi hujumuisha siku ya kwanza na ya mwisho pia. Mwenzetu alifundisha siku aliyoripoti na siku aliyoagwa. Kwa hiyo tunaongeza siku moja, na utumishi wake ni miaka 39, miezi 5 na siku 21.

Kumbe risala ilikuwa sahihi! Lakini ilikuwa sahihi kwa bahati. Mwandishi aliiongezea Februari siku moja isiyokuwapo, kisha akaisahau siku ya kwanza ya kazi, na makosa hayo mawili yakafutana. Kama mwenzetu angalistaafu tarehe 15 Januari 2024, mwandishi kwa njia ile ile angalipata tena siku 21. Kalenda ingalimpa siku 7 za Desemba baada ya tarehe 24, siku 15 za Januari, na siku ile moja ya kwanza: jumla 23. Jibu sahihi lililopatikana kwa njia mbovu humdanganya mwalimu kuliko jibu baya, kwa sababu halimpi nafasi ya kulikagua.

Mtoto naye ana kosa lake, nalo ni kubwa zaidi. Akizoea kutoa namba za kawaida, hukopa 10 katika kila safu. Kwa tarehe zetu atapata 25 toa 24, siku 1. Kisha 12 toa 9, miezi 3. Na miaka 39. Mwalimu asimwekee alama ya mkasi akaondoka. Amwambie arudishe: 24 Septemba 1984, ongeza miaka 39, ongeza miezi 3, ongeza siku 1. Mtoto atafika tarehe 25 Desemba 2023, yaani mstaafu kaagwa siku ya Krismasi. Atacheka mwenyewe, na kosa atakuwa amelishika kwa mkono wake.

Kwa hiyo tunashauri mada hii ianzie kwenye kalenda ukutani: kwanza miaka kamili, kisha miezi kamili, mwisho siku zilizobaki, mwezi kwa mwezi. Kabla ya yote darasa likubaliane kama siku zote mbili za mwanzo na mwisho zinahesabiwa. Safu zije baadaye, nazo ziambatane na onyo kwamba mwezi wa siku 30 ni makisio. Hata njia ya kalenda ina mpaka wake. Aliyeanza kazi tarehe 31 Januari hatakuta tarehe 31 Februari, na hapo darasa halina budi kuafikiana kwamba siku ya mwisho ya mwezi ndiyo itakayotumika.

Limebaki jambo moja, ambalo si la kutoa wala kujumlisha. Tuliwahi kusikia risala nyingine ikimpa mwalimu wa kike utumishi wa miaka 11, miezi 2 na siku 9. Hesabu haikuwa na kosa. Ila mwandishi alianza na tarehe aliyohamia shule ile, akaziacha shule mbili alizofundisha kabla yake. Mama yule alikaa kimya, na wengi hawakujua kwa nini hakupiga makofi. Fedha zake hazikupungua kwa hilo, maana mfuko wa pensheni huhesabu miezi iliyochangiwa wala hausomi risala. Kilichopungua ni maisha yake mbele ya watoto aliowalea.

Ndugu mwanachuo, siku moja utaombwa kuandika kifungu hicho. Uliza kwanza tarehe aliyoripoti kazini mara ya kwanza, si ya kuthibitishwa wala ya kuhamia. Mwonyeshe mstaafu hesabu yako kabla ya sherehe. Kama huna hakika na siku, taja miaka na miezi, ukomee hapo. Anayetaja siku amejitwika dhima ya kila siku moja, na mwenye siku hizo ameketi mbele yake akisikiliza.