Tarakimu Ambazo Bei Haikuzitoa

Miswada mingi iliyotufikia kwa ajili ya toleo hili ina jedwali la aina moja. Upande wa kushoto kuna bei za opsheni kama zilivyonukuliwa sokoni. Upande wa kulia kuna kiwango cha myumbo kilichokokotolewa kutoka kwenye bei hizo, nacho kimeandikwa kwa tarakimu nne, tano, hata sita baada ya nukta. Hatuna ugomvi na kompyuta zilizotoa majibu hayo, kwa sababu tulipozirudia hesabu tulipata yale yale. Ugomvi wetu ni kwamba tarakimu nyingi kati ya hizo hazikutoka sokoni. Zilitoka kwenye programu iliyoambiwa isisimame mapema.

Fomula ambayo Fischer Black na Myron Scholes waliichapisha mwaka 1973, mwaka ule ule ambao soko la opsheni la Chicago lilifungua milango, inataka vitu vitano ili itoe bei ya opsheni ya Kiulaya kwa hisa isiyolipa gawio: bei ya hisa, bei ya mkataba, muda uliobaki, riba, na myumbo wa bei ya hisa hadi siku ya mwisho. Vinne vya kwanza unavisoma kwenye mkataba au kwenye skrini. Cha tano hakuna anayekiona. Lakini bei ya opsheni yenyewe inaonekana, na mwaka 1976 Henry Latané na Richard Rendleman walionyesha kwamba fomula inaweza kuendeshwa kinyumenyume: chukua bei ya soko, kisha tafuta ni myumbo gani ungeifanya fomula itoe bei hiyo. Huo ndio myumbo wa ndani ya bei.

Kinyumenyume hicho hakina fomula ya mkato. Myumbo umekaa ndani ya mgawanyo wa kawaida mahali pawili kwa wakati mmoja, na hakuna aljebra ya kuutoa peke yake upande mmoja wa mlinganyo. Kinachobaki ni kukisia, kupima kosa, na kusahihisha kisio. Bahati nzuri ni kwamba bei ya opsheni hupanda kila myumbo unapopanda, bila kurudi nyuma. Kwa hiyo kama jibu lipo, ni moja tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hisa inauzwa dola 100, opsheni inampa mwenye nayo haki ya kuinunua kwa dola 110, imebaki miezi mitatu, na riba ni asilimia 5 kwa mwaka, ikilimbikizwa mfululizo. Mnunuzi anatoa dola 1.15, muuzaji anataka 1.25, nasi tunachukua bei ya kati, 1.20. Njia ya Newton inataka namba moja zaidi, nayo ni mteremko: bei ya opsheni inabadilika kwa kiasi gani myumbo ukisogea kidogo. Wafanyabiashara wanauita vega. Kila hatua inaandikwa hivi:

```
σ_mpya = σ - (C(σ) - bei_ya_soko) / vega(σ)
```

Yaani kokotoa bei kwa kisio ulichonacho, ona imepishana na soko kwa kiasi gani, gawanya tofauti hiyo kwa vega, na usogee kiasi hicho. Kuhusu mahali pa kuanzia, Steven Manaster na Gary Koehler walitoa pendekezo mwaka 1982 ambalo bado linatumika: anzia pale ambapo vega ni kubwa kuliko popote pengine. Kwa opsheni yetu pahali hapo ni asilimia 81.39. Fomula inatoa dola 12.85, mbali sana na 1.20, lakini hatua ya kwanza inatushusha hadi asilimia 23.01, ya pili hadi 20.17, na ya tatu hadi 20.06. Baada ya hapo kinachosogea ni tarakimu za mbali tu. Pendekezo lao lina pengo moja: bei ya mkataba, ikipunguzwa kwa riba ya muda uliobaki, ikiwa sawa kabisa na bei ya hisa, kisio lao ni sifuri, na inabidi uanzie kwingine.

Sasa mtu aanze na asilimia 5, akidhani anaanza kwa tahadhari. Kwa myumbo mdogo hivyo, hisa ya dola 100 karibu haina njia ya kufika 110 katika miezi mitatu. Fomula inatoa bei iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya senti. Vega nayo imelala: kuongeza myumbo kwa nukta moja ya asilimia kunaisogeza bei kwa kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya senti. Kugawanya dola 1.20 kwa mteremko mwembamba hivyo kunaurusha myumbo hadi karibu asilimia 1,400. Huko juu bei ya opsheni imekaribia dola 100 na vega imelala tena, kwa hiyo hatua inayofuata inaanguka zaidi ya asilimia laki mbili chini ya sifuri. Programu isiyo na kizuizi itatoa ujumbe wa kosa, au, vibaya zaidi, itanyamaza na kuandika namba.

Tiba yake ni ya zamani na haina ugumu. Shika ncha mbili: ya chini, ambapo fomula inatoa bei ndogo kuliko ya soko, na ya juu, ambapo inatoa kubwa. Tuseme sifuri na asilimia 200. Ukiendelea kugawa pengo hilo katikati na kubaki na nusu yenye jibu, hatua 15 zinatosha kufika ndani ya sehemu moja ya mia ya nukta ya asilimia, na hakuna kisio kinachoweza kukutupa nje. Ni polepole, lakini haishindwi. Programu nzuri huchanganya mbili: humwachia Newton aongoze, na akitaka kuruka nje ya ncha, hulazimisha hatua ya katikati. Katika mfano wetu mbovu, asilimia 1,400 ingekataliwa, kisio kingewekwa 102.5, na kutoka hapo Newton angerudi karibu na 22.7 kwa hatua moja.

Waandishi wengi wanaishia hapo: njia imerekebishwa, jibu limepatikana, jedwali limejazwa. Hoja ya toleo hili inaanzia hapo. Vega iliyomwangusha Newton ndiyo hiyo hiyo inayosema bei ya soko inajua nini kuhusu myumbo. Vega ikiwa kubwa, senti moja ya bei ni mabadiliko madogo ya myumbo, na jibu ni imara. Vega ikilala, senti hiyo hiyo inaweza kuwa nukta nyingi za asilimia.

Rudi kwenye opsheni ya dola 110. Vega yake karibu na jibu ni takriban senti 15 kwa kila nukta ya asilimia. Bei ya mnunuzi, 1.15, inatoa myumbo wa 19.72, ya muuzaji, 1.25, inatoa 20.40. Kwa hiyo soko limesema asilimia 20, huku na huko theluthi moja ya nukta. Mwandishi anayechapa 20.0601 ameongeza tarakimu ambazo hakuna mtu aliyezinunua wala kuziuza. Kuiamuru programu isimame baada ya tofauti ya sehemu moja ya bilioni hakuzifanyi kuwa kweli.

Mfano wa pili ni mkali zaidi. Hisa ni ile ile, miezi mitatu ile ile, lakini opsheni ni ya kununua kwa dola 60. Thamani yake karibu yote tayari imo mkononi: dola 100, ukitoa thamani ya leo ya dola 60, unabaki na 40.75. Chini ya hapo fomula haiwezi kushuka, hata kwa myumbo wa sifuri. Tuseme mnunuzi anatoa 40.60 na muuzaji anataka 41.00. Pengo ni asilimia moja tu ya bei, na mtu angesema soko hili ni zuri. Chukua bei ya kati, 40.80, nayo programu inakupa myumbo wa karibu asilimia 45 bila kulalamika. Lakini bei ya mnunuzi iko chini ya sakafu na haina jibu lolote, wakati bei ya muuzaji inatoa karibu asilimia 56. Ukweli ni kwamba nukuu hii inakubaliana na myumbo wowote kuanzia sifuri hadi 56. Tunapima pete kwa mizani ya magunia.

Dalili za hali hii zinaonekana kabla ya kuanza kukokotoa. Toa sakafu kutoka kwenye bei, kisha ulinganishe kinachobaki na pengo la mnunuzi na muuzaji. Hapa kinachobaki juu ya sakafu ni senti 5, na pengo ni senti 40. Hakuna njia ya kurudiarudia, iwe ya Newton au ya kugawa nusu kwa nusu, itakayotoa habari kutoka senti 5 zilizozama ndani ya 40.

Mara nyingi habari hiyo ipo jirani. Opsheni ya kuuza kwa dola 60 ile ile inabeba myumbo ule ule, kwa sababu bei za jozi hiyo zimefungwa pamoja na bei ya hisa na riba. Tofauti ni kwamba haibebi dola 40 zisizohusika. Kama mnunuzi wake anatoa senti 1 na muuzaji anataka senti 3, myumbo uko kati ya takriban 37 na 42. Bado ni pengo, lakini ni pengo linaloweza kutumika. Ndiyo maana wanaochora mkunjo wa myumbo kwa bei mbalimbali za mkataba huchukua opsheni za kuuza zilizo chini ya bei ya hisa na za kununua zilizo juu yake. Mwandishi aliyechukua za kununua peke yake na kuona upande wa kushoto wa mchoro wake ukiruka juu na chini hajagundua tabia mpya ya soko. Amechora pengo la nukuu.

Kwa sababu hiyo tumebadilisha utaratibu. Kuanzia toleo hili, kila myumbo wa ndani unaochapwa katika kurasa zetu utakuja na majibu mawili pembeni yake, moja la bei ya mnunuzi na moja la bei ya muuzaji. Pale ambapo bei ya mnunuzi iko chini ya sakafu, tutaandika kwamba jibu halipo, na hatutaweka bei ya kati kuziba nafasi. Programu isimamishwe pale tofauti kati ya bei ya fomula na ya soko inapokuwa ndogo kwa mbali kuliko pengo la nukuu. Kuendelea zaidi ni kupoteza umeme. Tuliwaomba waandishi wa makala zinazofuata warekebishe majedwali yao kwa masharti haya. Majedwali yamekuwa na tarakimu chache, na safu mbili za makala moja zimefutwa kabisa.