Mwalimu, Mimi Nimo Katika Azimio la Kazi?

Mwanamume anayeingia zahanati yoyote kati ya Dongobesh na Katesh na kumwambia muuguzi kwamba moyo unamwuma na dawa anayo yeye, anadhani amesema jambo jipya. Muuguzi yule amelisikia asubuhi hiyo hiyo, na jana, na tangu wiki yake ya kwanza kazini. Mwalimu naye amechoka kuombwa afundishe somo la mapenzi, na dereva amechoka kuulizwa kama moyoni mwake kuna siti. Utani wa mahaba unaojengwa juu ya kazi ya mtu ni sanaa halali ya Kiswahili, nami ni mpenzi wake. Lakini mwingi ninaousikia Mbulu na Hanang umechakaa, na sababu ya kuchakaa kwake inaweza kuelezwa.

Sababu ni kwamba msemaji anachukua picha ya kazi kama inavyoonekana na mtu aliyesimama nje ya mlango. Mgeni anajua kwamba muuguzi ana sindano, mwalimu ana chaki na dereva ana usukani. Hayo anayajua kila mtu, kwa hiyo kila mtu ameyatumia. Anayesikilizwa ni yule aliyejua jambo moja dogo linalofahamika ndani ya kazi yenyewe, kwa kuwa kabla ya kusifu uzuri wa mtu, utani wake unaonyesha kwamba amewahi kutazama siku ya mtu huyo inavyokwenda.

Nichukue mfano mmoja niliousikia kwa walimu vijana wa Hanang. Mwalimu huandaa azimio la kazi, linalopanga mada za muhula au za mwaka mzima, kisha kutokana nalo huandika andalio la somo, ambalo ni la kipindi kimoja tu. Kijana akamwuliza mwalimu mwenzake wa kike: “Mwalimu, mimi nimo katika azimio la kazi, au ni andalio la leo tu?” Tazama kilichofanyika. Neno “azimio” lina makazi mawili: katika shajala za shule ni jedwali lenye safu, na nje ya shule ni nia iliyokwisha kukatwa. Swali la kijana limebeba jambo ambalo wapendanao wengi huogopa kuliuliza waziwazi, yaani kama uhusiano huu una kesho. Mwalimu akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari: “Wewe uko kwenye safu ya maoni.” Safu hiyo ni ile ya mwisho kabisa katika jedwali, ambayo mwalimu huijaza baada ya somo kufundishwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na kila aliyekuwa katika ofisi ile alielewa kwamba kijana yumo kwenye majaribio.

Jibu hilo ndilo kipimo changu. Utani mzuri wa kazi humwachia aliyeambiwa nafasi ya kujibu kwa lugha ya kazi ile ile, ama kwa kuusogeza mbele ama kwa kuufunga, pasipo yeyote kuaibika. Maana ya kazini lazima iwe kamili kwa nafsi yake, ili asiyetaka ya pili ajibu ya kwanza na kuendelea na shughuli zake. Yale ya sindano hayana nafasi hiyo. Maana yake ya pili imekaa mbele ya ya kwanza, na muuguzi hana la kujibu ila kununa au kucheka kwa kulazimishwa.

Kwa madereva, eneo letu lina hazina ambayo tambarare haina. Anayetoka Mbulu kwenda Babati kwa njia ya Magara hushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na dereva anayejua kazi huushuka kwa gia nzito, injini ikilizuia gari. Anayekanyaga breki muda wote huzichemsha, na breki zilizochemka huacha kushika pale hasa anapozihitaji. Basi dada anayemwuliza dereva, “Wewe unashuka Magara kwa gia au kwa breki?” amemwuliza kuhusu gari, na amemwuliza pia kama yeye ni mtu wa haraka anayejizuia kwa kushtuka, au mtu wa pole anayejua anakokwenda. Swali hilo halichoshi upesi, kwa kuwa kila dereva ana jibu lake na sababu zake. Sina hakika kama lingefaa Dodoma.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo watu wa pwani huenda wasilione. Wilaya hizi mbili zina Wairaqw na Wadatoga, na Wahadzabe upande wa Yaeda Chini, na lugha zao za nyumbani hazina undugu wa karibu. Fumbo la pwani lililozoeleka kwenye kanga linaweza kumpita msikilizaji wa Haydom bila kumgusa. Lakini maneno ya kazi yaliingia pamoja na shule, hospitali na mabasi, nayo yaliingia kwa Kiswahili. “Rufaa”, “zamu”, “mahudhurio” na “nauli” ni mali ya wote. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imewafanya hata wazee wasiopenda Kiswahili walijue neno rufaa. Ndiyo maana kijana anayemwambia muuguzi wa zahanati, nje ya saa za kazi, “Kesi yangu usiipe rufaa ya Haydom, naomba itibiwe hapa hapa,” anaeleweka mara moja: asipelekwe kwa mwingine. Na muuguzi ana jibu lake tayari: “Huna dalili za hatari.”

Nimesema nje ya saa za kazi kwa makusudi. Muuguzi aliye zamu hawezi kuondoka chumbani, na mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kuondoka pia. Utani unamkuta mtu asiye na njia ya kutokea.

Hapo nafika kwetu sisi wenye madaftari ya alama, mihuri na fomu za uhamisho. Kijana wa azimio la kazi alikuwa akichezea neno. Hakuwa na uwezo wa kumpangia mwenzake chochote. Mkuu wa idara anayemwambia mtumishi, “Uhamisho wako upo moyoni mwangu,” hachezei neno hata kidogo, maana uhamisho kweli upo mkononi mwake. Mhadhiri anayemwambia mwanafunzi kwamba tabasamu lake linastahili alama A ana kalamu ya kuiandika. Mchezo wa maana mbili hufa pale maana zote mbili zinapowezekana. Kinachobaki ni pendekezo la biashara. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono iwe sharti la ajira, cheo, haki au upendeleo, na sioni kwa nini mtu mzima ajisogeze karibu na kifungu hicho kwa kisingizio cha ucheshi.

Upande wa pili nao upo. Mwanafunzi anapokuja mlangoni akitabasamu na kusema, “Daktari, mimi somo lako natamani kulirudia,” mhadhiri ana ile maana ya kwanza, nayo ni kamili: fomu za kurudia somo zinatolewa ofisi ya udahili, na mwisho wa kuzirudisha umebandikwa ubaoni.