Dola za Mteja wa Ng'ambo: Nani Anazimega Njiani?

Tuseme kijana wako hapa Awendo anamwandikia mteja wa Marekani mazungumzo yaliyorekodiwa, na ujira wake ni dola 200. Siku hiyo Benki Kuu inasema dola moja ni shilingi 129. Hesabu ya kijana ni shilingi 25,800, lakini zinazomfikia ni pungufu. Zimeenda wapi?

Wengi hutazama ada iliyoandikwa peke yake. Mkato mwingine umefichwa katika bei ambayo dola zako hununuliwa. Tufuate njia tatu kwa viwango vya mfano.

Ya kwanza ni PayPal, ambayo tangu 2018 mtu anaweza kutoa pesa zake hadi M-Pesa. Tuseme inakata asilimia 4.4 na senti 30 za dola. Zinabaki dola 190.90. Kisha inazibadilisha kwa shilingi 125 badala ya 129, na kijana anapata shilingi 23,862. Zile shilingi nne za kila dola hazionekani popote kama ada, ila zimemla shilingi 763.

Ya pili ni benki. Pesa hupitia benki nyingine njiani, nayo hukata chake. Tuseme dola 20. Benki ya kijana inakata dola 10 za kupokea, kisha inanunua dola 170 zilizobaki kwa shilingi 127. Anapata 21,590.

Ya tatu ni mteja kutumia kampuni ya kutuma pesa moja kwa moja hadi M-Pesa. Ada hulipwa na mteja kando, na kiasi cha shilingi huonyeshwa kabla hajatuma. Kwa bei ya 127, kijana anapata 25,400. Lakini kampuni nyingine hukubali pesa za jamaa tu, si malipo ya kazi. M-Pesa nayo haipokei zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja.

Je, benki haifai? La hasha! Dola 30 zake ni zile zile hata pesa ziwe nyingi. Kijana akikusanya kazi za dola 2,000, benki itampa shilingi 250,190, na PayPal 238,962. Akimwomba mteja achague OUR kwenye fomu ya benki yake, ada za njiani zitakuwa za mteja.

Kipimo ni kimoja: gawanya shilingi ulizopokea kwa dola ulizotoza. Kwa zile dola 200, PayPal imetoa shilingi 119 kwa dola, benki 108, na njia ya tatu 127. Linganisha na bei ya Benki Kuu ya siku hiyo, nawe utajua umemegwa kiasi gani. Fanya hesabu hiyo kabla ya kutuma ankara, maana pesa zikishaingia hakuna wa kukurudishia.