Majibu ya kipimo cha mifupa: usisome safu moja ukaacha nyingine

Wiki hii tunayo karatasi iliyoletwa na kijana mmoja, nayo ni majibu ya kipimo cha mifupa cha mama yake mwenye umri wa miaka 66. Mama huyo aliteleza bafuni miaka miwili iliyopita akitia udhu, akajizuia kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika. Hivi karibuni daktari akamwandikia kipimo cha DEXA, yaani mashine ya eksirei yenye mionzi hafifu inayopima wingi wa madini ndani ya mfupa. Kijana aliposoma majibu aliona nambari -0.6, na pembeni pake pameandikwa kwamba hali ni ya kawaida kwa umri wa mama. Akashukuru, akaikunja karatasi. Swali lake kwetu lilikuwa fupi: je, mama yuko salama?

Tuifungue karatasi hiyo pamoja. Mstari unaohusu shingo ya fupa la paja, pale paja linapoungana na nyonga, unasomeka hivi:

```
Neck   BMD 0.606   T-score -2.1   Z-score -0.6
```

BMD ni wingi wa madini, unaohesabiwa kwa gramu katika kila sentimita moja ya mraba. Nambari hiyo peke yake haimwambii mtu wa kawaida kitu, kwa hiyo mashine huilinganisha na mifupa ya watu wengine. Tofauti kati ya T na Z ni hii tu: mama analinganishwa na nani?

Alama ya T humlinganisha na wanawake vijana wenye afya, wa umri ambao mfupa umefikia ukamilifu wake. Katika kundi la marejeo linalotumika sana kwa sehemu hii ya nyonga, wastani wa vijana hao ni 0.858, na hatua moja ya tofauti, ambayo wataalamu wa takwimu huiita mkengeuko sanifu, ni 0.120. Ondoa 0.858 katika 0.606 upate pungufu ya 0.252. Gawanya kwa 0.120, na jibu ni -2.1. Maana yake, mfupa wa mama uko hatua mbili na kidogo chini ya wastani wa mfupa wa kijana.

Alama ya Z humlinganisha na wanawake wa rika lake. Hapa ndipo kijana wetu alipojikwaa. Wanawake wengi wa miaka 66 wamekwisha kupoteza madini tangu hedhi ilipokoma, kwa hiyo kuwa karibu na wastani wao si dalili ya mfupa imara. Ni sawa na mzee kuambiwa macho yake yanaona kama ya wazee wenzake: hilo halimwezeshi kulitia uzi tundu la sindano. Mfupa ukigonga sakafu hauulizi wa wenzake ukoje.

Alama ya Z ina kazi zake mbili. Kwanza, ndiyo inayosomwa kwa watoto, kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, na kwa wanaume walio chini ya miaka 50. Pili, ikifika -2.0 au chini yake, humtaka daktari atafute sababu nyingine zaidi ya umri, kama vile ugonjwa wa tezi, figo, upungufu wa vitamini D au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi. Ama kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, ugonjwa hutambuliwa kwa T. Mipaka iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 ni hii: kuanzia -1.0 kwenda juu ni kawaida. Kati ya -1.0 na -2.5 ni upungufu wa madini, uitwao osteopenia, na -2.5 kwenda chini ni udhaifu wa mifupa, uitwao osteoporosisi. Daktari huichukua alama iliyo ya chini kuliko zote kati ya nyonga na uti wa mgongo.

Sasa tutazame uti wa mgongo wa mama huyu. Jumla ya pingili nne za kiuno imepewa T ya -1.4, ambayo ni nzuri kuliko ya nyonga. Lakini karatasi inaonyesha pia kila pingili peke yake:

```
L1  -2.3
L2  -2.2
L3  -2.1
L4  +0.8
```

Pingili tatu zinafanana, ya nne imeruka juu ghafla. Mfupa haujengeki namna hiyo. Mara nyingi kwa watu wazima ni baridi yabisi ya uti wa mgongo iliyoota vijifupa pembeni, au pingili iliyobonyea, na mashine huhesabu vyote hivyo kuwa ni madini. Pingili inayopishana na jirani yake kwa zaidi ya hatua moja hustahili kuondolewa katika hesabu. Ikiondolewa L4, uti wa mgongo unashuka hadi karibu -2.2, ukalingana na nyonga.

Basi kwa nambari, mama ana osteopenia; hajafika -2.5. Je, hiyo ni salama? Mpaka huo si ukuta ambao upande mmoja mifupa huvunjika na upande wa pili haivunjiki. Kwa watu wa umri mmoja, kila hatua moja ya T inayoshuka huongeza hatari ya kuvunjika takriban mara mbili, na ongezeko hilo huanza mbali kabla ya -2.5. Tena T ileile ya -2.1 ina uzito mdogo kwa mwenye miaka 50 kuliko kwa mwenye miaka 80, kwa kuwa umri wenyewe huleta hatari yake.

Na liko jambo ambalo mashine haikulijua: ule mkono uliovunjika. Mfupa wa mtu mzima uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu umekwisha kutoa ushahidi wake. Aliyevunjika hivyo mara moja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena, iwe mkono, pingili au nyonga, kuliko mwenye T kama yake asiyewahi kuvunjika. Ndiyo sababu madaktari hutumia kikokotoo kiitwacho FRAX, kinachokadiria hatari ya miaka 10 ijayo kwa kuchanganya alama ya nyonga na umri, uzito, mfupa uliowahi kuvunjika, mzazi aliyevunjika nyonga, uvutaji sigara na dawa za steroidi. Osteopenia pamoja na kifundo kilichovunjika kwa kuteleza ni hali ambayo mara nyingi hutosha kuanza mazungumzo ya dawa, ingawa nambari haijafika -2.5.

Kwa hiyo jibu letu kwa kijana ni hapana. Karatasi hii haisemi kwamba mama yuko salama. Airudishe kwa daktari na amweleze habari ya mkono, kwani huenda hakuulizwa. Aulize pia kama L4 ihesabiwe, na kama mama apigwe picha ya mgongo kutazama pingili zilizobonyea, hasa ikiwa kimo chake kimepungua, maana pingili nyingi huvunjika bila mwenyewe kujua. Kipimo kikirudiwa baadaye, kifanywe kwenye mashine ileile, kwa kuwa mashine mbili tofauti haziwezi kulinganishwa nambari kwa nambari. Na kabla ya yote hayo, leo hii, sakafu ya bafuni itandikwe mkeka usioteleza, na pawekwe kiti mama akae anapotia udhu.