Miezi 18 Isisahauliwe

Akina mama wengi nchini Tanzania huzishika barabara kliniki za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha humpeleka mtoto akiwa na miezi 9 kuchanjwa surua na rubela. Baada ya hapo mtoto huanza kutembea, kadi hutiwa sandukuni, na chanjo ya pili, ile ya miezi 18, husahauliwa.

Kasoro hiyo si ndogo. Katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, wapatao 15 hubaki bila kinga ya surua. Chanjo ya pili ndiyo huwakinga wengi wao.

Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 Machi hutimiza miezi 9 tarehe 3 Desemba, na miezi 18 tarehe 3 Septemba inayofuata. Hatuna budi kushauri kwamba muuguzi aiandike tarehe hiyo ya Septemba kadini siku ile ile ya Desemba, aihakiki namba ya simu ya mzazi, na ujumbe wa kumkumbusha utumwe wiki moja kabla.

Naye mzazi aliyechelewa asione haya kurudi. Mtoto haanzi upya. Huendelea pale alipoishia.