Katibu asiyeachia daftari

Hivi karibuni nilitoka Korogwe kwenda katika shule moja ya sekondari wilayani Handeni, nikiitwa na mwalimu mlezi wa jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu. Amiri mpya alikuwa na cheo kisicho na kazi. Daftari la wanachama, ufunguo wa kabati la vitabu na fedha za michango, vyote vilikuwa kwa katibu, kijana wa kidato cha sita. Nami ni katibu wa kamati ya msikiti. Ugonjwa huo naujua kwa ndani.

Kijana yule hakuwa mkorofi. Kila kazi iliyokwama aliibeba, na wenzake wakazoea kubebewa. Dalili ya hali hiyo si ukali wa mtu, bali kikao kuahirishwa kwa sababu yeye hayupo.

Kasoro ilianzia katika uchaguzi. Walipiga kura kwa kunyoosha mikono mbele ya wagombea watatu, na wadogo wakatazama mkono wa katibu umeelekea wapi. Kura ya siri yahitaji vikaratasi tu, vihesabiwe vinapotolewa na vinaporudi. Tena si vema aliyeongoza kutangazwa hapo hapo. Tuseme wapiga kura ni 84, na wagombea wamepata 31, 28 na 25. Wa kwanza ameongoza, lakini 53 hawakumtaka. Wawili wa juu wakirudiwa, huenda wa pili akashinda kwa 46 dhidi ya 38.

Wakati nao una hukumu yake. Kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei, na kidato cha tano huingia Julai. Uchaguzi ukingoja Aprili, wakubwa huondoka na siri zote za kazi. Ukifanyika Oktoba, wageni wamekwisha kufahamiana, na wanaotoka wanabaki miezi kadhaa kuulizwa.

Kuhusu katibu, niliwazuia wasimkabili kikaoni. Amiri alizungumza naye faragha, akaanza kwa kumshukuru, kisha akataja mambo matatu: fedha ziende kwa mweka hazina na zitoke kwa saini mbili, ufunguo uende kwa mtunza vitabu, daftari libaki kwake lakini apewe msaidizi wa kidato cha tano. Kikaoni amiri aanze kuwauliza wadogo, katibu aseme mwisho. Kila azimio liandikwe jina la mtendaji mmoja na siku ya kulimaliza. Kazi ya "sote" humrudia yule yule.

Alinuna, sitaficha. Hata hivyo, kabla sijaondoka nilimwona akimfunulia msaidizi wake kurasa za michango. Binti yule aliuliza kuhusu mistari miwili isiyo na majina ya waliotoa. Katibu akaitazama kwa muda mrefu, naye hakukumbuka.