Ulizaliwa Jericho gani?

Kabla hujaposti chati yako ya nyota na kutangaza kwamba wewe ni Nge wa kutisha, hebu turudi nyuma kidogo. Ulijaza nini kwenye ile programu?

Tuchukue mfano. Kijana amezaliwa Jericho, hapa Eastlands, tarehe 14 Januari 1998. Mamake anamwambia, "Ulitoka saa mbili usiku." Anaandika 2:00, anaandika Jericho, anabonyeza. Chati inatoka na Nge ikichomoza mashariki.

Makosa ni mawili, na yote ni ya kwetu kabisa. Kwanza, mama alisema saa ya Kiswahili. Saa mbili usiku ni 20:00, si 2:00. Usimuulize mzazi saa tu. Muulize kama giza lilikuwa limeingia, kama taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Cheti cha kuzaliwa hakitakusaidia, kwa sababu kina tarehe lakini hakina saa.

Pili, simu ilichagua Jericho ya Palestina. Januari kule ni UTC+2, sisi ni UTC+3. Mwezi wa saba wao husogeza saa mbele, kwa hivyo saa zinalingana na zetu na kosa linajificha, ilhali bado umewekwa karibu nyuzi 32 kaskazini mwa ikweta. Jerusalem ina shida hiyo hiyo. Kaloleni nayo inaweza kukupeleka Kilifi. Andika Nairobi, kisha hakikisha namba zinakaribia 1.28 kusini na 36.85 mashariki. Ile S ikigeuka N, uko upande mwingine wa ikweta.

Ukirekebisha, 20:00 ya Nairobi ni 17:00 UTC, na sasa inayochomoza ni Simba. Kuna njia rahisi ya kujikagua: tafuta jua kwenye chati. Mtu aliyezaliwa muda mfupi baada ya magharibi, jua lake lazima liwe chini kidogo ya mstari wa upeo, upande wa machweo. Likiwa kwingine, umekosea mahali.

Kile kitufe cha saa ya kiangazi, kizime. Kenya haitumii. Lakini binamu yako aliyezaliwa London mwezi wa Julai anakihitaji.

Sasa nyanya. Kenya imebadilisha saa zaidi ya mara moja enzi za mkoloni, na imebaki UTC+3 tangu Agosti 1942. Kuna programu zenye data ya zamani inayodai tulikuwa UTC+2:45 hadi 1960. Kwa nyanya aliyezaliwa Shauri Moyo mwaka 1955, hiyo ni robo saa ya uongo, na alama inayochomoza husogea kama nyuzi nne. Akiwa mpakani mwa alama mbili, anabadilika kabisa. Angalia chati inaonyesha saa ngapi ya UTC: akizaliwa 9:00 asubuhi, isome 6:00. Ikisoma 6:15, weka UTC+3 kwa mkono.